Folda ya kwaya imegeuka jalala? Mwongozo kamili wa kupanga mafaili ya kikundi kwenye Drive

Tarehe 12 Aprili 2025, Jumamosi jioni, kesho yake Jumapili ya Matawi. Tuko mazoezini watu kama thelathini hivi, mwalimu anasema haya fungueni ile Hosana ya maandamano, kila mtu anapapasa simu yake, haipo. Folda ipo, nyimbo zingine zipo, Hosana ndo haipo. Soprano mmoja akasema mimi ninayo, nilishushaga, akaanza kuimba na wenzake wakaitikia, kumbe ni ile ya mwaka wa nyuma kabla mwalimu hajabadilisha besi, basi ikawa vurugu tupu. Tuliokolewa na mpiga kinanda ambaye alikuwa na karatasi yake ya zamani imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo ina doa la chai, tukaipiga picha, tukafanya mazoezi mpaka saa tatu usiku.

Mimi ndo nilikuwa natunza hiyo folda kwa hiyo lawama zote zilikuja kwangu, na nilipoanza kuchunguza nikakuta hakuna aliyefanya ubaya. Kuna tenor mmoja, mtu wa kujituma sana, ndiye aliyeiskani Hosana na kuipandisha. Mwezi Machi simu yake ikaanza kumwambia nafasi imejaa, akaingia kwenye Drive yake akafuta mafaili makubwa makubwa, na skani ya kurasa sita zilizopigwa kwa simu ni kubwa kweli. Alifuta tarehe 11 Machi. Kapu la taka la Drive linajisafisha lenyewe baada ya siku 30, kwa hiyo tarehe 10 Aprili faili likaondoka moja kwa moja, sisi tunakuja kulitafuta tarehe 12.

Nimeandika hapa namna tulivyoipanga upya. Nimetumia kwaya na Google Drive ya bure kwa sababu ndo ninayoijua, ila kamati ya wazazi wa shule au kikundi cha vijana mambo ni yale yale. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini maana simu nyingi za watu ziko kwa Kiingereza.

Kwanza elewa faili ni la nani

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na mimi nilipotea miaka miwili. Tunadhani ukiweka faili kwenye folda ya kwaya basi limekuwa la kwaya. Hapana. Kwenye Drive ya kawaida faili linabaki la yule aliyelipandisha, folda ni kama meza tu ambayo kila mtu kaweka daftari lake juu yake. Nafasi linalokula ni ya kwake, kwenye zile GB 15 za bure ambazo anazigawana na barua pepe zake na picha zake. Akilifuta yeye mwenyewe linaingia kwenye kapu lake, na siku 30 zikipita limekwenda, hata kama wewe ndo mwenye folda huna la kufanya.

Upande mwingine ni huu: mtu mwenye haki ya `Editor`, yaani ya kuhariri, kwenye folda akiondoa faili ambalo sio lake, faili halifi. Linatoka tu kwenye folda na kurudi kwa mwenyewe kwenye Drive yake, huko limekaa peke yake bila folda na mwenyewe hana habari. Kwa hiyo "limefutwa" ni maneno mawili tofauti, na ukijua ni lipi limetokea ndo unajua uanzie wapi kutafuta.

Kubadilisha jina nako watu wanakuogopa bure. Ukibadilisha jina la faili, linki yake inabaki ile ile, aliyeitunza WhatsApp akibonyeza inafunguka vizuri. Kinachoua linki ni kulifuta faili na kupandisha jingine, hata ukilipa jina lile lile herufi kwa herufi, kwa Drive hilo ni faili geni kabisa.

Hatua ya 1: Fungua akaunti ya kikundi

Sio akaunti ya katibu, sio ya mwenyekiti, akaunti mpya ya kwaya yenyewe. Wawe watu wawili wanaoijua paswadi, tuwaite watunzaji, wasizidi watatu. Weka uthibitisho wa hatua mbili halafu chapisha zile `Backup codes`, ziko kumi, kila moja inatumika mara moja, ziweke kwenye bahasha ofisini pamoja na daftari la mahudhurio. Hii bahasha usiidharau, kuna siku mtunzaji ataibiwa simu kwenye daladala na namba ya uthibitisho itakuwa inaenda kwenye simu ya mwizi.

Akaunti isipoingiwa miaka miwili Google wanaweza kuifuta na kila kilichomo. Kwaya inayofanya kazi haifiki huko, ila kamati za jubilei na kamati za ujenzi ambazo zinalala muda mrefu wajihadhari.

Hatua ya 2: Chukua nakala, halafu funga milango kwa siku mbili

Kabla hujagusa kitu chochote, nenda kwenye kompyuta, bofya kulia kwenye folda ya zamani, chagua `Download`, itashuka kama zip, iweke kwenye flashi. Usiruke hii hata kama bando linauma.

Kisha badilisha watu wote kuwa `Viewer`, yaani wa kuangalia tu, kwa hiyo wikendi. Waambie kwenye grupu mapema, la sivyo Jumamosi asubuhi utapigiwa simu kumi za "mbona inakataa". Ukipanga folda wakati watu wanaendelea kupandisha ni sawa na kufagia uwanja huku ng'ombe wanapita.

Hatua ya 3: Folda chache, na haki ziwekwe chini sio juu

Tukiwa na akaunti ya kwaya tulifungua folda kuu moja na ndani yake tano tu:

```
00-INGIZO
01-NYIMBO
02-RATIBA
03-VIKAO
99-ZAMANI
```

Namba za mbele ni kwa ajili ya mpangilio, zikae hivyo hivyo kwenye kila simu. Usifungue folda kwa majina ya watu wala folda inayoitwa "mengineyo", hiyo mengineyo baada ya miezi mitatu ndo itakuwa kubwa kuliko zote.

Sasa haki, na hapa soma taratibu. Haki unayompa mtu kwenye folda kuu inashuka mpaka kwenye folda zote za ndani. Ukimfanya mtu `Editor` pale juu, ndo hivyo, anaweza kubadilisha na kuondoa kila mahali, kumbana huku chini baadaye ni kazi. Kwa hiyo anza na kidogo juu na uongeze chini. Folda kuu weka `Anyone with the link` na iwe `Viewer`, wanakwaya wote wanaona na kushusha hata kama hawana akaunti. Halafu ingia `00-INGIZO` peke yake, uwaongeze kwa imeili zao wale wanaopandisha vitu kweli kweli, wao uwape `Editor`. Kwetu ni sita: viongozi wa sauti nne, mwalimu, na mpiga kinanda.

Kwenye dirisha hilo hilo la `Share` kuna alama ya gia, ibonyeze, utoe tiki kwenye `Editors can change permissions and share`. Usipoitoa, yule kiongozi wa alto atamuongeza mdogo wake kwa nia njema kabisa, mdogo wake naye atamuongeza rafiki.

Orodha za michango na namba za simu za watu zisikae humo kabisa, maana linki ikishaingia kwenye grupu moja la WhatsApp huwezi kujua imefika wapi. Hizo mtunza hazina awe na folda yake pembeni isiyo na linki ya wote.

Na video za mazoezi pia hapana. Kwetu nyimbo zote ukizijumlisha hazifiki hata GB moja, lakini video tatu za tamasha zilikula GB 5 peke yake.

Hatua ya 4: Geuza mafaili yawe ya kwaya

Hii ndo hatua iliyobadilisha mambo yetu, na ni rahisi kuliko inavyosikika. Drive ina njia rasmi ya kuhamisha umiliki, unamwambia mwenye faili aingie `Share`, achague akaunti ya kwaya, abonyeze `Transfer ownership`, halafu akaunti ya kwaya inapokea. Inafanya kazi, ila ni faili kwa faili, na akihamisha folda yaliyomo ndani hayaendi nayo. Wewe jaribu kumwambia mama wa miaka 60 arudie hivyo mara arobaini.

Njia ya mkato ni nakala. Unaingia kwa akaunti ya kwaya, unabofya kulia kwenye faili, `Make a copy`. Nakala ni mali ya aliyeitengeneza, kwa hiyo moja kwa moja ni ya kwaya. Jina litaanza na `Copy of`, unalifuta hilo neno, unalipa jina zuri, unalihamishia `01-NYIMBO`, lile la asili unaliondoa `00-INGIZO` na linarudi kwa mwenyewe salama, akitaka kulifuta kesho na alifute.

Kwa hiyo safari ya kila faili ni hii moja: kiongozi wa sauti anapandisha `00-INGIZO`, mtunzaji anakagua, ananakili, anabatiza jina, anaweka mahali pake. Hakuna mtu anayepandisha moja kwa moja `01-NYIMBO`.

Mtego uliopo ni wa watunzaji wenyewe. Simu yako ina akaunti yako binafsi na ya kwaya, na Drive inafungua ile uliyotumia mwisho. Angalia kaduara ka picha juu kulia kabla ya kunakili. Nilifanya hilo kosa mara ya kwanza kabisa, nikanakili nyimbo 23 nikiwa kwenye akaunti yangu, zikawa mali yangu mimi, nikarudia upya. Ndo maana sasa hivi akaunti yangu binafsi haina haki yoyote ya `Editor`, nikikosea mlango inanikatalia kuiweka nakala `01-NYIMBO`.

Hatua ya 5: Majina

Folda yetu ya zamani ilikuwa na hivi, nimezitoa kama zilivyokuwa:

```
DOC-20250302-WA0007.pdf
shangilio MPYA.pdf
shangilio MPYA (1).pdf
Shangilio tumieni HII.pdf
```

Ile ya kwanza ni jina ambalo WhatsApp inatoa yenyewe, na tarehe iliyomo ni ya siku ulipoletewa faili, haikuambii chochote kuhusu wimbo. Hizo tatu za chini zilikuwa faili mbili, mojawapo limepandishwa mara mbili, na "tumieni HII" ndo ilikuwa ya zamani kuliko zote.

Kanuni yetu: kwenye nyimbo jina la wimbo linatangulia, kwa sababu mwanakwaya anatafuta kwa jina, hakumbuki tarehe. Kisha sehemu ya misa, kisha sauti. Kwenye vikao na ratiba tarehe ndo inatangulia, mwaka kwanza, mwezi, siku, hapo zinajipanga zenyewe kwa mfuatano.

```
Hosana_Maandamano_SATB.pdf
Tunaleta-Vipaji_Sadaka_SATB.pdf
2025-03-02_Muhtasari-Kikao.pdf
2025-04-13_Ratiba-Matawi.pdf
```

Maneno MPYA, FINAL na "hii ndo yenyewe" ni marufuku. Kila kitu ni kipya siku kinapoandikwa.

Na wanaopandisha usiwalazimishe kufuata kanuni hii. Tulijaribu, tukatengeneza mpaka bango, wakaacha kupandisha wakarudi kutumiana WhatsApp. Wao waandike jina la wimbo tu inatosha, kubatiza ni kazi ya mtunzaji.

Hatua ya 6: Mwalimu akibadilisha wimbo

Hapa ndo ile Hosana mbili zilipotokea. Mwalimu alirekebisha besi, mtu akapandisha faili la pili, la kwanza likabaki, wengine wana linki ya hili na wengine ya lile.

Usipandishe la pili wala usifute la kwanza. Nenda kwenye kompyuta ukiwa kwenye akaunti ya kwaya, bofya kulia kwenye faili la zamani, `File information`, halafu `Manage versions`, halafu `Upload new version`. Faili ni lile lile, linki ile ile, kilichomo ndani ndo kimebadilika, na kila mwenye linki akifungua anakuta besi mpya. Toleo la zamani linakaa humo humo siku 30, au mpaka matoleo yafike 100, isipokuwa ukibonyeza vidoti vitatu ukaweka `Keep forever`. Sisi tunaweka, kwa sababu mwalimu akishabadilisha besi kuna wiki anarudia ile ya kwanza.

Kwenye apu ya simu hiki kitu usikitegemee, ukipandisha lenye jina lile lile unaishia kuwa na mawili yanayofanana. Hiyo ni kazi ya kompyuta, kama huna subiri mpaka uipate.

Ila kuna kitu hakirekebishiki: aliyekwisha kushusha faili kwenye simu yake ana la zamani mpaka ashushe tena. Kwa hiyo ukibadilisha, tangaza kwenye grupu, na andika tarehe ya marekebisho kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa kwanza wa nota zenyewe. Mazoezini mwalimu anauliza tu "ya kwenu chini imeandikwa tarehe ngapi", ndani ya nusu dakika mnajua nani kabeba ya zamani.

Hatua ya 7: Faili likipotea, fuata mtiririko huu

Usianze kwa kuuliza grupu nzima nani kafuta, watu wananyamaza na aliyefuta anaona aibu. Fungua folda kwenye kompyuta, bonyeza ile `i` ya duara juu kulia, nenda `Activity`. Pale utaona nani kapandisha, nani kabadilisha jina, nani kahamisha, nani kaondoa, na siku yake. Mara nyingi unakuta halijafutwa, kuna mtu alikuwa anaskroli kwa kidole gumba likaburuzwa ndani ya folda ya jirani.

Kama faili lilikuwa la kwaya, angalia `Trash` ya akaunti ya kwaya, kwenye simu zingine imeandikwa `Bin`, na urudishe. Kama lilikuwa la mtu binafsi na mwingine ndo kaliondoa kwenye folda, mpigie mwenyewe na umwambie aandike hivi kwenye kisanduku cha kutafutia cha Drive yake:

```
is:unorganized owner:me
```

Hii inamletea mafaili yake yote yasiyo na folda, yatima wote wanajitokeza, anakurudishia. Na kama mwenyewe ndo kalifuta, swali ni moja, ni lini. Chini ya siku 30 na hajasafisha kapu lake, lipo, aingie `Trash` abonyeze `Restore`. Zimepita, basi tafuta kwenye zip ya kwenye flashi, tafuta WhatsApp, tafuta kwenye vitabu vya watu.

Hatua ya 8: Ujumbe wa kuwatangazia

Huu ndo niliowatumia, mfupi kwa makusudi, unaweza kuuchukua na kuubadilisha:

*Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kuanzia leo nyimbo zote ziko kwenye linki hii moja, ibandikeni juu ya grupu. Kusoma na kushusha ni kila mtu. Mwenye wimbo mpya ampe kiongozi wa sauti yake ataweka INGIZO, mtauona kwenye NYIMBO kabla ya mazoezi ya Alhamisi. Ukiona kosa usifute, tuambie mimi au mwenzangu. Ulichopandisha zamani tumeshanakili, kwa hiyo kama simu yako imejaa futa tu bila wasiwasi.*

Hiyo sentensi ya mwisho tumeiweka kwa ajili ya yule tenor, alikuwa amekaa wiki tatu haji mazoezini kwa aibu.

Usiitume kabla hujamaliza hatua ya 4 lakini. Ukiwaambia futeni na bado hujanakili, umejifutia mwenyewe.

Kazi ya kila mwezi

Sisi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, dakika ishirini kabla ya mazoezi. Mtunzaji anahakikisha `00-INGIZO` iko tupu, anapanga orodha ya `01-NYIMBO` kwa jina na kuangalia kama kuna mawili yanayofuatana yenye jina moja, anaangalia safu ya `Owner` kama wote wanasomeka akaunti ya kwaya, anashusha zip mpya kwenye flashi. Nyimbo ambazo mwalimu kasema hatuimbi tena zinahamia `99-ZAMANI`, hazifutwi, kuna sherehe ya padre fulani zitaulizwa.

Uongozi ukibadilika, siku ile ile ya makabidhiano mbadilishe paswadi, namba ya simu ya uthibitisho iwe ya mtunzaji mpya, mtengeneze `Backup codes` upya maana zile za bahasha ya zamani zinakufa hapo hapo, na mwangalie kwenye `00-INGIZO` nani bado ni `Editor`. Tulipokagua hivyo folda ya zamani tulimkuta mtu ambaye alihamia Mwanza miaka mitatu iliyopita, bado ana haki zote, na kumbe ndiye aliyekuwa akitupandishia zile Shangilio.